Picha ya bidhaa iliyotengenezwa na akili mnemba inaharibika kwenye katalogi: tafuta tatizo kwa dalili

Picha nyingi ninazoletewa siku hizi kwa ajili ya katalogi hazijapigwa na kamera. Mteja ameandika maelezo, programu ikamchorea chupa juu ya meza ya mbao, naye akaipenda. Kwenye simu inang'aa. Ikifika kwenye karatasi ndipo simu zinaanza: "Kaka, mbona imekuwa hivi?"

Matatizo yanayorudi ni yale yale, na karibu yote yanatokana na jambo moja. Picha ya aina hii huzaliwa haina kipimo cha milimita, haijui karatasi wala wino. Hivyo kabla ya kugusa kitu chochote, jua itachapwa kwa upana gani na kwenye karatasi gani. Bila majibu hayo mawili, utakachofanya kote huko chini ni kubahatisha.

Mfano nitakaoutumia ni kopo la losheni lenye kifuniko cha bluu. Picha ilikuwa ya pikseli 1024 kwa 1024, na mteja aliitaka iwe na upana wa milimita 190 kwenye ukurasa wa A4, karatasi ya kung'aa, mashine ya ofseti. Kopo hilo lilinipa karibu kila dalili iliyomo humu.

Dalili ya kwanza: picha imetoka na ukungu, au kingo zina ngazi ngazi

Sababu inayoongoza haina uhusiano wowote na programu iliyochora. Faili limepitia WhatsApp kama picha, likabanwa, na wewe umepokea nakala iliyopungua. Au mteja amepiga skrinishoti ya picha badala ya kuipakua. Mwombe akutumie faili lenyewe kama dokyumenti, au kwa barua pepe, kisha angalia lina pikseli ngapi. Kama una ImageMagick, amri hii inatosha:

```
magick identify -format "%w x %h %[colorspace]\n" kopo.png
```

Sababu ya pili ni kwamba pikseli ni chache kweli. Programu nyingi za kutengeneza picha hutoa mraba wa 1024 au zaidi kidogo. Hesabu yake ni rahisi: gawa milimita kwa 25.4 upate inchi, kisha gawa pikseli kwa inchi hizo. Milimita 190 ni inchi 7.48, na 1024 ukigawa kwa 7.48 unapata 137. Yaani kopo letu lingechapwa kwa pikseli 137 kwa inchi, wakati kiwango kinachotakiwa kwa katalogi ni 300. Picha hiyo hiyo ingekaa vizuri kabisa kwenye kisanduku cha milimita 86. Wakati mwingine hilo ndilo jibu: punguza picha kwenye ukurasa, usihangaike na faili.

Sababu ya tatu ndiyo inayowadanganya wengi. Mtu anafungua Image Size, anakuta imeandikwa 72, anaandika 300, anahifadhi, anasema tayari. Kama kisanduku cha Resample hakikuwekwa alama, hakuna pikseli hata moja iliyoongezeka. Umebadilisha kibandiko tu, kopo ni lile lile. Kama kiliwekwa alama, programu imezitandaza pikseli zile zile na kujaza katikati kwa kukadiria, na ukungu unabaki. Ukitaka kujua ukweli, weka picha kwenye ukurasa wa InDesign, ifungue kwenye paneli ya Links, usome Effective PPI. Namba hiyo ndiyo inayohesabu pikseli kwa ukubwa uliouvuta, na ndiyo fundi wa pleti atakayoisoma.

Baada ya ukaguzi huo ndipo unaweza kufikiria kuikuza. Sasa, 300 si amri iliyoshuka kutoka mbinguni. Ofseti huchapa kwa nukta, na kwa karatasi ya kung'aa wachapaji wengi hutumia mistari 150 ya nukta kwa inchi. Picha inahitaji pikseli kati ya mara moja na nusu na mara mbili ya mistari hiyo, yaani 225 hadi 300. Kopo letu likikuzwa mara mbili linakuwa 2048, na kwa milimita 190 hiyo ni 274. Inatosha. Hakuna haja ya mara nne.

Ninasisitiza mara mbili kwa sababu vikuzaji vya kisasa, Real-ESRGAN na wenzake, havivuti picha tu, vinabuni. Kopo la mteja wangu lilikuwa na kifuniko chenye mistari midogo ya kushikia vidole. Nilipolikuza mara nne, mistari mitatu upande wa kulia ilishikana ikawa ubao mmoja laini, na povu la losheni likageuka kitu kama nta. Mara mbili, mistari ilibaki. Kwa hiyo kuza, kisha tazama kwa asilimia 100 sehemu tatu: maandishi, mistari inayojirudia, na sehemu zenye vinyweleo kama kitambaa au mbao. Zikiwa zimebadilika umbo, rudi kwenye Preserve Details 2.0 ya Photoshop, ambayo haina ujanja mwingi hivyo.

Ikiwa picha inahitaji kukuzwa zaidi ya mara tatu, acha. Mwite mpiga picha apige kopo lenyewe. Gharama ya kupiga picha moja ni ndogo kuliko ya kuchapa upya.

Dalili ya pili: picha ni kali mno, kingo zina utepe mweupe, bidhaa inaonekana ya plastiki

Hapa ugonjwa ni kinyume cha ule wa kwanza, na mara nyingi umeletwa na dawa yake. Mtu aliona ukungu, akanoa. Kumbe picha ilikuwa imeshanolewa mara mbili kabla hajaigusa: programu iliyoichora huwa inatoa kingo kali tangu mwanzo ili ivutie kwenye skrini, na kikuzaji nacho kikaongeza chake.

Angalia utepe huo kwa asilimia 100, pale bidhaa inapokutana na mandhari. Kama upo hata kabla hujanoa, kumbuka kwamba kukuza kunauongeza pia. Utepe wa pikseli 2 kwenye picha ya awali unakuwa wa pikseli 4 ukikuza mara mbili. Kwa pikseli 274 kwa inchi, pikseli 4 ni kama milimita 0.37, na jicho la mnunuzi linauona bila shida. Utepe wa pikseli moja ni chini ya milimita 0.1, huo unamezwa na nukta za wino.

Cha kwanza kujaribu ni kutonoa kabisa. Rudi kwenye faili la kabla ya kunolewa, lichape kwenye printa ya ofisini kwa ukubwa wake halisi, lishike kwa umbali unaosomea kitabu. Mara nyingi utagundua lilikuwa sawa.

Sababu inayofuata ni mpangilio wa kazi. Watu hunoa kwanza, halafu wanakuza au kupunguza. Kunoa ni kazi ya mwisho kwenye faili la RGB, baada ya ukubwa kuwa umekwisha amuliwa. Ukibadilisha ukubwa tena, unaanza upya kutoka kwenye nakala isiyonolewa. Ndiyo maana ninahifadhi faili mbili kila mara, moja safi na moja ya kuchapa.

Kama picha kweli inahitaji kunolewa, tumia Unsharp Mask kwenye leya iliyonakiliwa. Kwa kopo letu nilianza na Amount 90%, Radius 1.2, Threshold 4. Radius ndiyo inayoamua upana wa utepe, kwa hiyo hiyo ndiyo ya kuichunga. Ikivuka 2 kwenye picha ya bidhaa, nina wasiwasi. Threshold inazuia programu isinoe sehemu laini, maana ukinoa ngozi ya kopo laini unapata chembechembe kama mchanga. Kisha badilisha leya iwe Luminosity, ili unoe mwanga na giza tu bila kuchochea rangi za pembeni mwa kingo.

Lakini usiogope pia. Nukta za ofseti hulainisha picha, na wino husambaa kidogo kwenye karatasi. Picha iliyonolewa sawasawa kwa ajili ya kuchapa huonekana kali kupita kidogo kwenye skrini. Ikionekana tamu kabisa kwenye skrini, huenda ikatoka laini. Kwenye bondi, karatasi isiyopakwa, ulaini huo unazidi.

Utepe uliokuja na picha yenyewe hautibiki kwa kifyekeo chochote cha haraka. Mimi hukata bidhaa kwa Pen Tool, nikiingia ndani ya ukingo pikseli 2 au 3, na kuiweka kwenye mandhari mpya. Ni kazi ya dakika ishirini kwa kopo, na ya saa nzima kwa kikapu cha ukindu.

Dalili ya tatu: bluu imekuwa zambarau, kijani kimefifia, kila kitu kimepoa

Skrini huchanganya mwanga, karatasi huchanganya wino. RGB ina rangi ambazo sayani, majenta, njano na nyeusi haziwezi kuzifikia hata ukimwaga ndoo. Picha za akili mnemba zinapenda mno rangi hizo, kwa sababu zimetengenezwa zivutie kwenye skrini.

Sababu ya kwanza, basi, ni rangi iliyo nje ya uwezo wa wino. Kwenye Photoshop chagua kwenye Proof Setup wasifu wa mchapaji wako, yaani faili linaloeleza wino na karatasi yake zinavyotoa rangi, halafu bonyeza Ctrl+Y. Picha ikipoa papo hapo, umeona kitakachotokea kwenye karatasi. Shift+Ctrl+Y inakuonyesha kwa kijivu sehemu zisizofikika. Kwa kopo letu, kifuniko kizima kilikuwa kijivu.

Bluu inahitaji neno lake peke yake. Bluu kali ya skrini, 0, 0, 255, ukiigeuza kwa mpangilio wa kawaida wa Photoshop wa Marekani inakuwa karibu C 88 na M 77. Majenta ikisogelea sayani kiasi hicho, jicho linaona zambarau. Mchapaji akizidisha majenta kidogo tu siku hiyo, una kifuniko cha zambarau kweli. Dawa ni kuziachanisha: nashusha majenta mpaka iwe pungufu ya sayani kwa pointi 30 au zaidi. Kifuniko chetu niliishia C 100, M 62.

Hapo mteja alilalamika kwamba bluu si ile ya kwenye simu yake. Nikamwambia alete kopo lenyewe. Tukaliweka juu ya prufu, pale dirishani, na kumbe kifuniko halisi kilikuwa cheusi zaidi kuliko picha zote mbili. Bluu aliyokuwa akiipigania haikuwahi kuwepo kiwandani, programu ndiyo iliyoibuni. Tangu siku hiyo sianzi kurekebisha rangi ya picha iliyotengenezwa kabla bidhaa haijakaa mezani. Katalogi ni ahadi kwa mnunuzi, na skrini haiwezi kuwa shahidi.

Sababu ya pili ni kuchanganya Assign Profile na Convert to Profile. Convert inabadilisha namba ili rangi ibaki inavyoonekana. Assign inaacha namba zilivyo na kubadilisha maana yake, na rangi inaruka. Picha ikija bila wasifu wowote, ipe sRGB kwa Assign, mara moja, kisha igeuze kwa Convert kwenda kwenye wasifu wa mchapaji. Kwa ImageMagick, amri ya kila picha ni hii:

```
magick kopo.png -background white -alpha remove -alpha off \
  -intent Relative -black-point-compensation \
  -profile sRGB.icc -profile CoatedFOGRA39.icc kopo.tif
```

Wasifu gani? Usichague kwa sababu jina lake limekupendeza. Muulize mchapaji. FOGRA39 ni ya karatasi iliyopakwa, ukiitumia kwa bondi umekosea tangu mwanzo. Na muulize pia kama anataka CMYK au yuko tayari kupokea RGB. PDF/X-1a haikubali RGB, PDF/X-4 inaikubali, na kuna karakana ambazo hugeuza zenyewe tena vizuri kuliko sisi.

Sababu ya tatu, adimu zaidi, ni picha iliyogeuzwa mara mbili: RGB kwenda CMYK, ikarudi RGB, ikaenda CMYK tena. Kila safari rangi inapotea na hairudi. Dawa ni kurudi kwenye faili la awali.

Kama rangi ni ya chapa na lazima ifanane kabisa na kopo, usiendelee kuvuta vitelezi. Omba prufu ya mkataba kutoka kwa mchapaji, au mjadili wino maalumu wa tano. Wino huo unahitaji pleti yake na gharama yake, kwa hiyo uamuzi ni wa mteja.

Dalili ya nne: kuna mraba hafifu kuzunguka bidhaa kwenye ukurasa mweupe

Uliomba mandhari meupe, programu ikakupa karibu-meupe. RGB 250, 250, 250 machoni ni nyeupe, lakini ikigeuzwa inaacha nukta za asilimia 1 au 2. Kwenye skrini hazionekani. Kwenye karatasi zinakata mstari mahali picha inapoishia, na kila ukurasa unaonekana kama umebandikwa stempu.

Fungua Threshold, peleka kitelezi mpaka 255. Kila kinachogeuka cheusi si nyeupe kamili. Bonyeza Cancel, umeshaona ulichotaka. Kama ni pembeni tu, sogeza kitelezi cheupe cha Levels mpaka pembe zisome 255 zote tatu. Angalia usikiue kivuli kilicho chini ya kopo, kwa sababu bidhaa isiyo na kivuli inaelea. Kivuli kikianza kukatika, kata bidhaa, tengeneza kivuli chake kwenye leya nyingine na uiweke Multiply.

Dalili ya tano: maandishi ya lebo ni takataka au yana vivuli vya rangi

Hapa ni fupi. Herufi zilizochorwa na programu usizikarabati. Zifute, kisha weka lebo halisi ya kiwandani kama vekta juu ya kopo, maandishi meusi yakiwa K 100 peke yake. Nyeusi iliyotoka RGB huchapwa kwa wino zote nne, na pleti zikipishana kidogo tu, herufi ya pointi 6 inaota kivuli chekundu upande mmoja na cha bluu upande mwingine. Wakati huo huo hakikisha ujazo na viambato vinalingana na vilivyo kwenye kopo. Niliwahi kukuta "mililita 500" kwenye picha ya kopo la 250, na tulikuwa wawili tuliolipitisha.

Dalili ya sita: sehemu za giza zimeziba, karatasi inanata au imeacha alama nyuma ya karatasi iliyofuata

Wino umezidi. Rangi nne zikiwa asilimia 100 kila moja zinafika 400, na karatasi haiwezi kuzikausha. Kwa karatasi iliyopakwa wachapaji wengi hutaka jumla isizidi 300 au 330, na kwa isiyopakwa chini ya hapo. Fungua PDF kwenye Acrobat Pro, nenda Output Preview, weka kikomo cha Total Area Coverage alichokupa mchapaji, na sehemu zilizozidi zitawaka rangi.

Mara nyingi sababu ni wasifu usio sahihi, au mtu aliyeongeza nyeusi kwa mkono baada ya kugeuza. Usipunguze wino kwa kukisia kwenye CMYK. Rudi kwenye RGB, fungua kidogo sehemu za giza kwa Curves, geuza upya kwa wasifu sahihi. Mandhari ya mbao nyeusi inayopendwa na programu hizi ndiyo mwathirika mkuu.

Lakini kama umeliona tatizo hili kwenye karatasi zilizokwisha chapwa, mikono juu. Usizirundike, usizipeleke kukunjwa wala kuwekewa laminesheni. Piga simu kwa fundi wa mashine aje azione zikiwa bado mbichi, kwa sababu huenda faili ni zuri na kosa liko kwenye unyevu au shinikizo la mashine, na hayo huwezi kuyatibu kwa Photoshop. Vivyo hivyo kama pleti zimeshatengenezwa: usitume faili "lililorekebishwa kidogo" kwa jina lile lile. Mpigie kwanza. Mimi nilituma la kopo saa nne usiku nikiwa na nia njema, na asubuhi kulikuwa na pleti tatu za faili la zamani na moja ya jipya.